Kwa Nini Kibla ya Toronto Iko Kaskazini Mashariki

Mkaazi wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam hapati taabu kutafuta kibla. Akishaijua kaskazini, amemaliza kazi. Makka imekaa karibu juu ya mstari uleule wa longitudo unaopita pwani yetu, ila iko yapata kilomita elfu tatu upande wa kaskazini. Ndiyo sababu mihrabu za misikiti ya pwani, tangu ule wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107, zimejengwa kwenye ukuta wa kaskazini. Mtu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka hapa bila hata siku moja kuhitaji hesabu ya jambo hili.

Mtu huyohuyo akihamia Toronto, Kanada, mambo hubadilika. Anaitazama ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani. Toronto iko juu, upande wa kushoto. Makka iko chini, upande wa kulia, tena chini sana: Toronto iko kwenye digrii 43.65 kaskazini mwa ikweta, na Makka kwenye digrii 21.42 tu. Anaweka rula kutoka mji mmoja hadi mwingine, na rula inalala mashariki ikiinamia kusini. Kisha anaingia msikitini na kukuta safu zimeelekea kaskazini mashariki. Makka iko kusini mwa Toronto, na watu wanaswali wakiwa wameigeuzia kusini kisogo. Kuna kosa mahali, atasema. Wengi wamesema hivyo Amerika Kaskazini, na watu waungwana wenye nia njema wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Msikiti wa Kituo cha Kiislamu cha Washington, uliofunguliwa rasmi mwaka 1957, nao umeelekezwa kaskazini mashariki, kiasi cha digrii 56 na nusu, na wageni bado husimama hapo na kujiuliza.

Jibu halihitaji fatwa. Linahitaji namba nne na hesabu moja ya mstari mmoja, na hesabu hiyo nataka tuipitie polepole mpaka ieleweke kwa nini inatoa jibu linaloonekana la ajabu.

Tuanze na kile tunachokitafuta. Mwelekeo wa mahali ni pembe unayogeuka ukianzia kaskazini, ukizungukia upande wa kulia, mpaka ulitazame lile unalolikusudia. Kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Kaskazini inayosemwa hapa ni ile ya kweli, yaani upande wa ncha ya dunia. Sumaku ya dira ina kaskazini yake, na tutaifikia baadaye.

Sasa, njia iliyonyooka juu ya dunia ni ipi? Chukua tufe la ramani, lile la shuleni linalozunguka kwenye kiguu chake, na uzi. Bana ncha moja ya uzi Toronto, ncha nyingine Makka, kisha uvute mpaka ukazike. Uzi uliokazika hauna pa kwenda ila njia fupi kuliko zote. Utaona kwamba haukimbilii kusini hata kidogo. Unatoka Toronto ukipanda, unakatiza Kwibeki na pwani ya Labrador, na katikati ya Atlantiki unafika karibu digrii 54 kaskazini. Kutoka hapo unaanza kushuka: Ufaransa, Italia, Ugiriki, unaingia Misri karibu na Iskanderia, na ndipo unapofika Hijazi. Njia hiyo ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katikati kabisa, kama ikweta inavyoikata. Kibla ya Toronto ni upande ambao uzi huo unaelekea mwanzoni, pale unapoondoka Toronto. Ndiyo maana wataalamu huuita mwelekeo wa awali.

Ramani ya ukutani haionyeshi hivyo kwa sababu imelitandaza tufe juu ya karatasi bapa, na tufe halikubali kutandazwa bila kunyooshwa mahali fulani. Zile zinazobandikwa sana maofisini na madarasani hunyoosha maeneo ya karibu na ncha za dunia. Njia fupi inayopita huko juu huonekana imepinda, na njia ndefu huonekana imenyooka.

Uzi unatosha kumshawishi mtu, lakini hautoi digrii. Digrii zinatoka kwenye kanuni hii:

```
θ = atan2( sin Δλ · cos φ2 ,  cos φ1 · sin φ2 − sin φ1 · cos φ2 · cos Δλ )
```

Herufi φ1 ni latitudo ya mahali uliposimama, φ2 ni latitudo ya unakoelekea, na Δλ ni tofauti ya longitudo: longitudo ya kule ukitoa longitudo ya hapa. Latitudo za kusini mwa ikweta huandikwa hasi, na longitudo za magharibi mwa Greenwich pia hasi. θ ndiyo mwelekeo tunaoutafuta.

Kwa mtu aliyeachana na sini na kosini siku ya mtihani wa mwisho, mstari huo unatisha. Lakini maana yake ni nyepesi. Fikiria umesimama Toronto, na kutoka chini ya nyayo zako kuna mwale mnyofu unaotoboa ardhi mpaka Makka. Mwale huo unakwenda pande tatu kwa pamoja: kiasi fulani chini, kiasi fulani mashariki, kiasi fulani kaskazini au kusini. Sehemu inayokwenda chini haikuhusu, kwa sababu wewe unatazama mbele, si ardhini. Iache. Zinabaki mbili. Ya kwanza ndani ya mabano ya kanuni ni kiasi cha mashariki, na ya pili, baada ya mkato, ni kiasi cha kaskazini. Kazi ya atan2 ni kuuliza: mtu akienda mashariki kiasi hiki na kaskazini kiasi hiki, ametazama pembe gani? Basi.

Tuweke namba. Toronto: latitudo 43.65, longitudo −79.38. Makka: latitudo 21.42, longitudo 39.83. Tofauti ya longitudo ni 39.83 ukitoa −79.38, yaani 119.21.

Kiasi cha mashariki: sini ya 119.21 ni 0.8728, na kosini ya 21.42 ni 0.9309. Zidisha, unapata 0.8125.

Kiasi cha kaskazini kina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kosini ya 43.65 mara sini ya 21.42, yaani 0.7236 mara 0.3652, sawa na 0.2642. Kipande cha pili ni sini ya 43.65 mara kosini ya 21.42 mara kosini ya 119.21, yaani 0.6903 mara 0.9309 mara −0.4880. Jibu lake ni −0.3136. Kanuni inasema tutoe kipande cha pili, na kutoa namba hasi ni kujumlisha: 0.2642 na 0.3136 zinafanya 0.5778.

Mashariki 0.8125, kaskazini 0.5778. Zote mbili chanya, kwa hiyo mwelekeo uko kati ya kaskazini na mashariki. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate 1.406, na pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 54.6. Hiyo ndiyo kibla ya Toronto.

Namba ya kuikazia macho ni ile −0.4880, kosini ya tofauti ya longitudo. Ugomvi wote umejificha humo. Kama tofauti ingekuwa chini ya digrii 90, kosini yake ingekuwa chanya, na kipande cha pili kingetolewa badala ya kujumlishwa. Makka ingekuwa ng'ambo ndogo tu ya Atlantiki, latitudo yake ileile, huenda kibla ingeelekea kusini mashariki kama rula inavyosema. Tofauti ikivuka 90, alama inageuka, na kaskazini inashinda bila shaka yoyote.

Kwa nini 90 iwe mpaka? Fikiria mhimili wa dunia, ule mstari wa kubuni unaotoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini. Mtu aliye kwenye ikweta akitazama kaskazini, anatazama sambamba na mhimili huo. Lakini aliyesimama Toronto amesimama kwenye mteremko wa tufe. Kwake, kusonga kaskazini kuna mambo mawili ndani yake: kupanda juu kufuata mhimili, na kuusogelea mhimili wenyewe, mpaka kuuvuka na kutokea upande wa pili. Sehemu iliyo upande wako wa mhimili inavutwa kusini na hesabu hiyo. Sehemu iliyo ng'ambo ya mhimili inavutwa kaskazini. Makka, ikitazamwa kutoka Toronto, iko ng'ambo ya mhimili, kwa sababu digrii 119 ni zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia. Kuwa na latitudo ndogo hakuifanyi iwe "kusini" kwa mtu wa Toronto, kama ambavyo mtu aliyesimama hatua chache kutoka ncha ya kaskazini hawezi kuambiwa kwamba kila mji duniani uko nyuma yake, ati kwa kuwa yote ina latitudo ndogo kuliko yake.

Hesabu hii haikuzaliwa na kompyuta. Al-Biruni aliifanya kwa ajili ya mji wa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, kwenye kitabu alichokimaliza mwaka 1025, na sehemu kubwa ya jasho lake ilikuwa kupata longitudo zenyewe, kazi ambayo leo simu inaifanya kabla hujapepesa macho. Miaka mia tatu na zaidi baadaye, huko Damasko, al-Khalili aliyekuwa mtunza nyakati za swala alitengeneza majedwali ya kibla kwa latitudo na longitudo nyingi, moja baada ya moja, ili mwingine asihitaji kukokotoa. Kanuni waliyoitegemea kwa undani wake ni hii hii ya pembetatu juu ya tufe.

Turudi kwa mtu wa rula, maana hastahili kupuuzwa. Njia yake ya kusini mashariki ipo. Ukiondoka Toronto ukashikilia digrii 102.6 bila kuyumba, siku zote, kila mahali, utafika Makka. Mabaharia wameitumia njia ya namna hiyo kwa karne nyingi kwa kuwa ni rahisi kuishika kwa dira. Lakini ina urefu wa kilomita 11,320 hivi, na njia ya uzi ina 10,500 hivi. Tena, juu ya tufe, anayeshikilia mwelekeo mmoja anapinda wakati wote, kidogokidogo, bila kujijua. Mtu akiniuliza jengo liko wapi, nami nikanyoosha mkono kuelekea njia inayozunguka, sijamwonyesha jengo. Kibla ni kulielekea jengo. Wanazuoni wengi humridhia aliye mbali akiuelekea upande tu, asiadhibishwe na digrii mbili tatu. Hapa lakini tofauti ya njia hizi mbili ni digrii 48, zaidi ya nusu ya pembe mraba, na huo si mkengeuko mdogo tena.

Anayetaka kuifanya hesabu mwenyewe kwa kompyuta, hii inatosha:

```python
from math import radians, degrees, sin, cos, atan2

def mwelekeo(lat1, lon1, lat2, lon2):
    f1, f2 = radians(lat1), radians(lat2)
    d = radians(lon2 - lon1)
    mashariki = sin(d) * cos(f2)
    kaskazini = cos(f1) * sin(f2) - sin(f1) * cos(f2) * cos(d)
    return degrees(atan2(mashariki, kaskazini)) % 360

print(mwelekeo(43.65, -79.38, 21.42, 39.83))   # karibu 54.58
```

Weka Mji Mkongwe wa Unguja, −6.16 na 39.19, utapata digrii 1.3: kaskazini, na nywele moja ya mashariki. Lakini usidhani Tanzania yote iko hivyo. Weka Kigoma, −4.88 na 29.63, na jibu linaruka hadi digrii 20 na nusu, kwa sababu Kigoma iko digrii kumi magharibi mwa Makka. Mtu wa pwani akihamia Kigoma na mazoea yake ya "kaskazini moja kwa moja", amekosea digrii ishirini bila kuvuka mpaka wa nchi.

Makosa ya hesabu hii yanajulikana, na mengi yanajitangaza yenyewe ukijua dalili. La kwanza ni alama ya hasi. Ukisahau kwamba longitudo ya Toronto ni ya magharibi, ukaandika 79.38 badala ya −79.38, kanuni itakupa 248.7, yaani kusini magharibi. Haikukosea: imekuchukua kwenye nchi za Asia ya Kati, ambako longitudo hiyo ipo, na kukuonyesha Makka kutoka huko. Jibu lolote linalomtuma mtu wa Kanada magharibi, tazama alama kwanza.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linaonekana zuri. Vikokotoo vya kawaida vina kitufe cha kugeuza tanjenti kuwa pembe, kilichoandikwa tan⁻¹, na wengi hugawanya kiasi cha mashariki kwa kiasi cha kaskazini kisha kukibonyeza. Kwa Toronto kinafaa. Sasa jaribu Maskati, Omani, ambako Waswahili si wachache: latitudo 23.59, longitudo 58.38. Kiasi cha mashariki kinatoka −0.2962, yaani magharibi. Kiasi cha kaskazini ni −0.0185, yaani kusini kidogo sana. Gawanya hasi kwa hasi, upate chanya 16, na kitufe kitakwambia digrii 86.4. Hiyo ni mashariki! Kibla ya Maskati ni 266.4, magharibi, na kikokotoo kimemgeuza mtu kinyume kamili. Kugawanya kumezimeza alama mbili, na alama hizo ndizo zilizobeba habari ya upande. Ndiyo kazi ya atan2: inapokea namba mbili kabla hazijagawanywa, na kuzitazama alama zake. Asiye nayo aandike alama pembeni kwa kalamu. Kaskazini ikiwa hasi, aongeze 180 kwenye jibu la kitufe. Kaskazini ikiwa chanya na mashariki hasi, aongeze 360.

Kwenye jedwali la Excel kuna mtego mdogo wa kukumbuka: `ATAN2` huko inataka kaskazini kwanza na mashariki baadaye, kinyume cha Python, na pembe zote zipitie kwanza kwenye `RADIANS`. Na ukisoma kuratibu kwenye ramani ya karatasi, digrii 43 na dakika 39 si 43.39. Dakika ziko sitini katika digrii, kwa hiyo 39 ni sehemu 0.65, na jibu ni 43.65.

Umepata digrii 54.6. Umeshika dira mkononi. Hapa ndipo hesabu safi inapoharibiwa na chombo. Sindano ya dira inafuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo haielekei ncha ya kaskazini barabara. Toronto, sindano inakengeuka yapata digrii 10 upande wa magharibi. Kama kaskazini ya dira iko magharibi mwa kaskazini ya kweli, basi kila kitu kitasomeka kwenye dira kwa digrii zaidi: 54.6 inakuwa karibu 65. Asiyesahihisha anaswali akiwa amekosea digrii kumi, na kwa masafa ya Toronto kila digrii moja ya kosa inaipitisha njia kama kilomita 110 pembeni mwa Makka. Mkengeuko huu hubadilika kutoka mji hadi mji, na hubadilika polepole mwaka hadi mwaka, hivyo namba ya zamani iliyoandikwa pembeni mwa ramani haifai kuaminiwa. Pwani yetu una digrii chache tu, jambo linalotufanya tuusahau. Na nguzo ya chuma, gari au nondo za ukuta huivuta sindano popote pale. Sogea hatua chache upime tena: sindano ikibadilika, hukuwa unapima dunia.

Kuna mpimaji mwingine asiyejali chuma. Mara mbili kwa mwaka, jua husimama wima kabisa juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa za Makka, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27. Saa za Makka ndizo saa za Afrika Mashariki, ila Bujumbura na Lubumbashi wapunguze saa moja. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana, kulitazama jua ni kuitazama Makka. Simika fimbo iliyonyooka kwa timazi mahali tambarare, na uchore mstari kufuata kivuli. Dar es Salaam, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 53 hivi. Kivuli kinakwenda kinyume cha kibla, kwa hiyo ufuate mstari kuelekea kwenye fimbo. Siku moja mbili kabla au baada ya tarehe hizo, saa ileile, bado kosa ni dogo kwa aliye mbali, hivyo wingu la siku moja halikunyimi. Aliye karibu na Makka ndiye asiyepaswa kuchelewa.

Toronto hawana bahati hiyo, maana saa hiyo kwao jua halijachomoza. Lakini tarehe 28 Novemba jua hupita upande wa pili wa dunia, wima chini ya Makka, juu ya Pasifiki. Kwa saa za Toronto ni 10:09 jioni, na jua limebaki digrii nne na kidogo juu ya upeo. Wakati huo kivuli chenyewe ndicho kinachoelekea Makka. Fimbo ya mita moja ina kivuli cha mita kumi na tatu, kirefu kiasi cha kupima mwelekeo kwa usahihi mzuri, mradi uwanja uwe wazi na majengo ya magharibi yasiwe yamelificha jua. Anayebisha na kanuni aende uwanjani jioni hiyo na atazame kivuli kimelalia wapi.

Kanuni yenyewe inaichukulia dunia kuwa tufe kamili, na dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa linalotokana na hilo ni sehemu ndogo ya digrii, dogo kuliko mkono wa mtu unavyoweza kushika dira. Kanuni hushindwa mahali pachache tu. Kwenye ncha za dunia neno "kaskazini" halina upande. Na kuna nukta moja, latitudo 21.42 kusini na longitudo 140.17 magharibi, katika Polinesia ya Kifaransa, iliyo kinyume kamili cha Makka. Hapo kiasi cha mashariki na cha kaskazini vyote vinakuwa sifuri, na kila upande unafika Makka kwa urefu uleule.

La mwisho linawahusu wasafiri. Mwelekeo wa awali ni wa mahali ulipouhesabu, na si zaidi ya hapo. Anayefuata uzi kutoka Toronto anaondoka na digrii 54.6. Katikati ya Atlantiki, kwenye longitudo 33 na nusu magharibi, njia ileile inaelekea 90, mashariki kamili. Inapoingia Makka inaelekea karibu 141, kusini mashariki. Hajapinda popote: ni kaskazini inayobadilika upande kadiri anavyosonga juu ya tufe. Kwa hiyo anayetaka kuswali ndani ya ndege asitumie namba ya mji alioondoka wala ya mji anakokwenda. Achukue latitudo na longitudo ya ndege ilipo dakika ile, namba ambazo ramani ya safari kwenye kiti mara nyingi huzionyesha, aziweke mahali pa φ1 na longitudo ya kwanza, na ahesabu upya.